Jasho Lisilo la Tanuri

Kwenye bekari ile hakuna aliyekuwa mkavu. Tanuri lilikuwa la matofali, kubwa kama chumba cha kupanga, na Mzee wa Tanuri, aliyekuwa akililisha kuni tangu enzi meno yake yalipokuwa yametimia, aliapa kwamba siku moja nzi aliingia kwa mlango wa mbele akatokea dirisha la nyuma akiwa ameiva, na paka wa jirani akamla pale pale. Waliomsikia walicheka, lakini hakuna aliyebisha, maana humo ndani hata kope zilikuwa zinatoa jasho. Kwa hiyo mwanamke mmoja alipoanza kulowa kuliko wenzake, nani angeshtuka?

Mwanamke huyo walimwita Chapchap. Alikuwa na miaka ishirini na saba na mikono iliyoonekana kama minne. Wewe ukiwa bado unafikiria donge la unga likatwe wapi, yeye keshalikata, kalikanda, kalilaza ndani ya bati na anakuuliza lingine liko wapi. Mumewe alikuwa fundi wa friji mwenye kibanda chake nyuma ya soko. Watu wa bekari walipenda kutania kwamba mmoja anachoma na mwenzake anagandisha, kwa hiyo mtoto wao akizaliwa atakuwa vuguvugu. Siku za mwanzo Chapchap alicheka utani huo kuliko wote. Mwaka wa tatu wa ndoa ulipoingia aliucheka kwa meno tu.

Walikaa nyumba moja ya uani na mama mkwe wake, mjane mwenye macho ya kuhesabu. Nguo zikianikwa kambani, mama yule alijua ipi imefuliwa, ipi imeloweshwa tu ikaanikwa kwa ujanja, na ipi haikuonekana wiki hii. Ndiyo maana aliijua habari ya vitambaa vya hedhi vya mkwewe kabla hata mwenyewe hajaizingatia.

Hedhi ilianza kuruka kama mbuzi aliyekatika kamba. Mwezi huu ipo, miezi miwili haipo, ikirudi ni matone ya kusingizia. Mwisho ikaingia mitini kabisa. Mama mkwe akasubiri habari ya mimba kwa furaha, kisha akashindwa kuvumilia, akatangaza. Alimnyang'anya Chapchap ndoo ya maji mbele ya majirani, akamwita "mwanangu" kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akaanza kufuma soksi ndogo za rangi ya maziwa. Chapchap alikwenda zahanati kwa siri akapimwa mkojo. Hakukuwa na mimba. Alirudi akasema ukweli, na mama mkwe akamjibu kwamba kipimo kidogo vile hakiwezi kuona mbali, asubiri. Wakasubiri. Tumbo likabaki bapa kama bati lililopinduliwa. Soksi zikafumuliwa, uzi ukarudi kwenye mfuko, na neno "mwanangu" nalo likarudi mfukoni.

"Mikate chapchap," mama mkwe alisema siku moja akiwa na wageni, "mtoto polepole." Wageni walicheka. Chapchap akaendelea kumimina chai bila kumwaga tone, na hilo peke yake lilikuwa kazi kubwa kuliko kukanda gunia zima.

Wakati huo jasho lilikuwa limeshaanza. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni kama mtu anayepandishwa blanketi la moto, likamwagikia usoni, kisha likamwacha akitetemeka. Usiku aliamka shuka zimelowa. Zahanati walimpa dawa ya malaria, akameza, akaendelea kulowa. Wakampa dawa nyingine ya malaria, kana kwamba mbu ndiye mkaidi. Mara ya tatu mhudumu akamwambia ni mawazo, ajaribu kutofikiria sana, na yeye akarudi nyumbani akifikiria namna ya kutofikiria. Usingizi ulimkimbia. Hasira zilimjia bila sababu na machozi yakafuata. Na lile la chumbani na mumewe, lililokuwa tamu, likawa linauma, akawa analificha kwa kusingizia uchovu wa bekari.

Mchana, akipita kibandani kwa mumewe, alifungua friji yoyote iliyokuwa tayari imetengenezwa akaingiza kichwa. Mumewe alimcheka. Alisema ni mke pekee mjini anayekagua kazi ya fundi kwa utosi wake. Alikuwa mtu wa maneno matamu, yule fundi, na mikono yake ilikuwa baridi siku zote. Chapchap alipenda amshike shingo kwa mikono ile. Hilo lisifichwe: alimpenda sana.

Wote walilisingizia tanuri. Yeye mwenyewe alilisingizia. Angeweza kulisingizia mpaka uzee halisi umkute, kama tao la tanuri lisingepasuka.

Lilipasuka msimu wa mvua, katikati ya baridi. Mwenye bekari akaamuru lizimwe, mafundi wa matofali wakaingia, na wafanyakazi wakabaki wakikwangua mabati. Siku hiyo bekari ilikuwa baridi hata unga uligoma kuumuka. Watu walivaa masweta mawili mawili. Mzee wa Tanuri alijifunga gunia mabegani akaonekana kama mzigo uliosahauliwa. Na katikati yao alikuwa Chapchap, amevaa kigauni chembamba, jasho linamtiririka mpaka kwenye viwiko.

Mzee wa Tanuri alimtazama, akatazama tanuri, akamtazama tena.

"Binti yangu," akasema, "mimi hili nimelizima jana. Wewe ni nani kakuwasha?"

Ulikuwa utani, na utani wa mzee yule kwa kawaida ulichekwa kabla haujaisha. Huu haukuchekwa. Mwanamke mmoja mtu mzima, mpakiaji wa mikate, aliacha kukwangua akasogea karibu. Alimwambia Chapchap kwa sauti ya chini kwamba yeye alikuwa hivyo hivyo alipokoma hedhi, moto ule ule wa kifuani, shuka zile zile. "Lakini mimi nilikuwa na wajukuu," akamaliza. "Wewe una nini?"

Wewe una nini. Swali hilo Chapchap alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, na asubuhi likampeleka hospitali kubwa.

Daktari wa wanawake alikuwa mama mnene mwenye sauti ya taratibu, na maswali yake yaliingia kila kona. Hedhi ilianza kuruka lini? Imekosekana miezi mingapi mfululizo? Joto, usingizi, ukavu, maumivu ya tendo? Amewahi kupasuliwa tumbo, kutibiwa saratani, kupigwa mionzi? Anatumia sindano yoyote ya uzazi wa mpango, maana nayo huweza kuikatisha hedhi? Mama yake alikoma akiwa na umri gani, na mama zake wadogo? Chapchap alijibu yote. Hakuwa na sindano wala upasuaji. Mama yake alifariki kijana, hakuna aliyejua mwili wake ungefuata njia gani.

Wakapima mimba kwanza, haikuwepo. Wakatoa damu kupima homoni, na tezi ya shingo pamoja na homoni ya maziwa, kwa kuwa hizo nazo zikivurugika hedhi hutoroka. Picha ya tumbo ikaonyesha mfuko wa uzazi mzima kabisa, na ovari mbili ndogo, zimenywea, karibu hazina vifuko vya mayai. Daktari hakusema neno siku hiyo. Alitaka damu itolewe tena baada ya mwezi na zaidi kidogo, asije akamhukumu mtu kwa kipimo kimoja kilichoangukia siku mbaya. Mwezi ule Chapchap alikanda mikate mingi kuliko mashine. Wenzake walimwomba apunguze, mabati yalikuwa yamekwisha.

Siku ya majibu alikwenda na mumewe. Walikaa viti viwili vilivyogusana, na fundi alikuwa amemshika mkono.

Daktari aliwaeleza kwamba ubongo hutuma homoni ya kuziamsha ovari. Ovari zikiitika, hutengeneza estrojeni, na ubongo ukishasikia jibu unapunguza sauti. Za Chapchap haziitiki. Ndiyo maana homoni ya kuamsha ilikuwa juu sana, mara zote mbili, na estrojeni ilikuwa chini. Ubongo unapiga kelele, nyumba iko kimya.

Chapchap alielewa vizuri kuliko daktari alivyotegemea. Mwenye bekari alikuwa hivyo hivyo na mlinzi wake aliyelala.

"Kwa hiyo nimezeeka," akasema.

Daktari alikataa. Alisema ni ovari zilizoishiwa nguvu kabla ya wakati, na humpata mwanamke mmoja katika kila mia kabla ya kufika arobaini, wakati mwingine mdogo kuliko yeye. Tena ovari hizi ni vigeugeu: siku moja moja huamka zenyewe, na kama wanawake watano katika mia hupata mimba bila msaada wa mtu. Haitabiriki ni nani wala lini, kwa hiyo asiitegemee na asiape kwamba haipo. Dawa ya kuyarudisha mayai haijapatikana, na atakayemuuzia chupa ya kuyarudisha ni mwizi.

Fundi akauliza kosa ni la nani. Daktari alisema mara nyingi sababu haionekani hata wakitafuta. Watachunguza vinasaba vyake, na kama kinga ya mwili imezishambulia ovari zake, lakini ajiandae kusikia kwamba hakuna kilichoonekana. Na ndivyo ilivyokuja kuwa. Hakukuwa na kosa la mtu. Fundi alitikisa kichwa, na hapo, kwa mara ya kwanza, mkono wake ukaachia ule wa mkewe, akajikuna shavu nao, na haukurudi.

Kuhusu matibabu, daktari alikuwa mkali. Estrojeni, alisema, ina kazi nyingine mwilini zaidi ya uzazi. Inalinda mifupa na moyo. Walipompima mifupa walikuta imeshaanza kupungua kama ya mtu wa makamo. Angemeza estrojeni kila siku, na projesteroni kwa siku kadhaa za kila mwezi, maana mwenye mfuko wa uzazi akipewa estrojeni peke yake ukuta wa ndani hunenepa vibaya. Angeendelea hivyo mpaka karibu miaka hamsini, umri ambao mwili wenyewe ungeacha. Chapchap akauliza juu ya saratani, kwa sababu alisikia. Daktari akamwambia hofu ile imetoka kwa wanawake wakubwa wanaoongezewa baada ya wakati wao. Yeye anarudishiwa kile ambacho wenzake wa umri wake wanacho bure.

Alipoanza dawa, joto likapungua kama moto uliotolewa kuni. Akalala. Shuka zikaamka kavu. Na mwisho wa mwezi hedhi ikaja.

Daktari alikuwa ameshamwambia: damu hiyo ni dawa inayoukwangua ukuta wa mfuko, haina yai ndani yake. Aliijua hivyo. Hata hivyo aliketi chooni akaitazama muda mrefu, akiichukia na kuifurahia. Vitambaa vikarudi kambani. Mama mkwe akaviona kabla havijakauka, na jioni ile Chapchap akaitwa tena "mwanangu", akapewa kipande cha nyama cha katikati. Aliila. Ilikuwa ngumu kumeza kuliko kidonge chochote.

Alitaka kumwambia mama ukweli. Fundi ndiye aliyemzuia. Alisema mama yake ana mdomo mpana, kesho mtaa mzima utajua, wasubiri kwanza kitu cha kumwonyesha.

Kitu hicho kilitoka kwa mdogo wake Chapchap, msusi, mwenye mtoto mmoja wa kiume na mdomo usio na kofuli. Daktari alikuwa amewaeleza njia zilizobaki: kusubiri bahati, kulea mtoto wa kuasili, au kupata yai la mwanamke mwingine, likachanganywa maabara na mbegu za mume, kiinitete kikawekwa kwenye mfuko wa Chapchap, ambao ulikuwa mzima na ungeweza kubeba. Chapchap alimsimulia mdogo wake akiwa ameketi katikati ya magoti yake anasukwa. Vidole vya msusi vilisimama.

"Dada, si uchukue yangu?" akasema. "Mimi ninayo mpaka yananisumbua. Kila mwezi natupa moja, hata shukrani sipati."

Chapchap alicheka mpaka kitana kikaanguka, kisha akalia, na mdogo wake akaendelea kumsuka huku analia, mistari ikatoka imepinda.

Si jambo la kukabidhiana kama kikombe cha sukari. Daktari alimpima msusi kwanza ovari zake, kwa kuwa jambo hili wakati mwingine hutembea ndani ya ukoo. Zilikuwa nzima. Akapimwa magonjwa. Akakalishwa na mshauri peke yake, aulizwe kama kuna anayemlazimisha, na kama ataweza kumwona mtoto yule akikua bila kumdai. Akaelezwa sindano za kila siku zitakazokomaza mayai mengi kwa pamoja, na sindano ndefu ya kuyatoa akiwa amelazwa usingizi. Wakaelezwa wote kwamba huweza kushindikana, na hushindikana mara nyingi. Msusi alisema yeye amewahi kusuka kichwa cha bibi harusi mwenye usingizi wa mang'amung'amu, hakuna kinachomtisha.

Fundi alikubali. Akatoa sharti moja: mama asijue, si sasa, si hata mtoto akizaliwa. Mtoto awe wa Chapchap, basi. Chapchap hakulipenda sharti hilo, akalikubali. Aliona kwa macho ya moyo kitu chenye uzito wa mkate mmoja, kimefungwa kitambaa, na kwa ajili yake angekubali sharti lolote.

Zikabaki wiki chache sindano za msusi zianze. Hapo ndipo dawa ya Chapchap ilipokosekana mjini. Kila duka la dawa walitikisa kichwa. Daktari akasema asikae bila homoni hata kidogo: kwa muda huu atumie vidonge vya uzazi wa mpango, vile vya pakiti vinavyojulikana na kila mtu, kwa sababu navyo vina estrojeni na ndugu yake projesteroni. Akapimwa presha, ikawa nzuri. Ameze vidonge vyenye dawa mfululizo, vile vya mstari wa mwisho visivyo na dawa avitupe, aunganishe na pakiti inayofuata. Kweli vitaufunga ule mlango mdogo wa bahati, lakini kwa sasa wanapita mlango wa mdogo wake.

Mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo, na Chapchap alikuwa zamu. Fundi ndiye aliyekwenda dukani. Alirudi na pakiti ameifunga gazeti, ameiweka ndani ya koti isilowe, akampa mkononi mlangoni mwa bekari mbele ya Mzee wa Tanuri, ambaye aliuliza kama ni peremende na kwa nini wazee hawapewi.

Pakiti hiyo mama mkwe aliikuta kwenye mfuko wa gauni alilotaka kulifua. Hakuhitaji kusomewa. Yeye mwenyewe alimeza vya pakiti hiyo hiyo miaka mingi baada ya kuzaa kitindamimba wake, tena alijua mpaka mlio wa kile kikaratasi kikitobolewa.

Jioni Chapchap alipoingia sebuleni alikuta viti vimepangwa. Alikuwepo mama mkwe, alikuwepo shangazi wa mumewe aliyevaa kama anayekwenda msibani, na mumewe alikuwa kwenye kochi karibu na friji. Katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono, iliwekwa pakiti.

Mama mkwe alizungumza kwa utulivu, na ndio ulioumiza. Alisema ameisubiri mimba miaka mitatu. Amefunga, ameomba, amefuma na kufumua. Kumbe anayemwombea yumo ndani ya nyumba yake anajifungia mlango kwa ndani. Shangazi akaongeza kwamba siku hizi wasichana wanataka pete bila kilio cha mtoto.

Chapchap alimgeukia mumewe. Neno moja lingetosha. Angeweza kusema "ni mimi niliyevinunua", angeweza kusema "tulikuwa hospitali pamoja", angeweza hata kukohoa kwa namna ya kumtetea. Fundi alikuwa anatazama mpira wa mlango wa friji, anaubonyeza kwa kidole gumba kama anayepima kama unashika.

"Mimi," akasema, "habari za hivyo vidonge sikuwa nazijua."

Friji ikanguruma, ikanyamaza.

Chapchap akamgeukia mama mkwe. Alipofungua mdomo sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeagiza unga.

"Mama, mayai yangu yamekwisha. Hospitali wamepima damu mara mbili. Hivi vidonge ni homoni ambazo mwili wangu umeacha kutengeneza, nisipomeza mifupa itaisha. Mwanao alikaa kiti cha pembeni yangu wakati tunaambiwa."

Mama mkwe alimtazama mwanawe. Hapo palikuwa na nafasi nyingine, pana kama mlango wa bekari. Fundi aliinamisha kichwa akasema mkewe ana hasira, asihukumiwe kwa maneno ya hasira.

"Mwanamke wa miaka ishirini na saba akome hedhi?" mama mkwe akasema. "Hata uongo una umri wake, mwanangu. Na vile vitambaa ninavyoviona kambani kila mwezi, ni vya kwangu?"

Chapchap alifungua mdomo kueleza kuhusu projesteroni na ukuta wa mfuko wa uzazi, akaziona nyuso zile, akaufunga. Alichukua pakiti juu ya meza, akatoka. Alipofika kwa mdogo wake alikuwa bado ameishika, imepindana kwa kushikwa.

Fundi alimfuata siku ya tatu. Alikuja na maneno matamu yote, hakusahau hata moja. Alisema alibabaika, kwamba mwanamume akiambiwa mbele ya shangazi yake kuwa mtoto atatokana na yai la shemeji, atatembeaje mtaani. Alisema mpango uendelee. Sindano zianze kama ilivyopangwa. Mama akishamwona mtoto atasahau vidonge, na mambo yote yatazikwa.

Msusi alikuwa nyuma ya pazia akisikiliza bila kujificha. Alitaka dada yake akubali. Baadaye alimwambia wazi: chukua mtoto kwanza, mume utamtukana ukiwa umekwisha kubeba mimba.

Na Chapchap alitaka. Asidanganye mtu kwamba hakutaka. Alikuwa akitaka kwa mwili wake wote, ule ule uliokataa kuitika. Lakini aliona sebule ile miaka kumi mbele, kitambaa kile kile cheupe, na mtoto amesimama katikati ya viti, anaulizwa sura hii ameitoa wapi.

"Siku wakimuuliza mtoto ametoka wapi," akamwambia mumewe, "utasema hukuwa unajua?"

Fundi alifikiria jibu. Alilifikiria muda mrefu mno, na hilo likawa jibu. Chapchap alikwenda hospitali peke yake akamwambia daktari asianze.

Daktari hakumlaumu. Alimwambia mfuko wake utaendelea kuwa tayari miaka mingi akitunza dawa zake. Mayai ya mdogo wake ndiyo yatakayozeeka, kama ya wanawake wote, na akipata njia nyingine asichelewe. Chapchap alicheka kidogo kwa uchungu. Yeye, asichelewe.

Huku nyuma mama mkwe alisimulia toleo lake sokoni, likaenea, likaota na mikia. Mwisho wake ilisemekana Chapchap alimeza vidonge kwa kikombe, kama karanga. Fundi hakusahihisha. Kabla mwaka haujageuka alikuwa na mke mwingine, na mama akautoa uzi wa rangi ya maziwa kwenye mfuko.

Tanuri lilishajengwa upya, kali kuliko la kwanza. Dawa za Chapchap zilirudi madukani. Aliziweka kwenye kopo la hamira lililokwisha, juu ya rafu mbele ya kila mtu, na saa ya chai ilipofika alimeza mbele ya kila mtu. Mwanzo walitazama pembeni. Baadaye Mzee wa Tanuri akawa ndiye kengele: "Chapchap, mifupa yako inakuita."

Siku moja friji kubwa ya bekari ilikufa, ile ya siagi, na mwenye bekari akamwita fundi aliyemjua. Akaja yule yule. Alipiga magoti nyuma ya friji akifungua skrubu. Walijua kutoka kwa watu kwamba mke mpya ni mjamzito. Saa ya chai ikafika. Mzee wa Tanuri akanyamaza, kwa mara moja maishani mwake.

Chapchap alishusha kopo mwenyewe, akatoa kidonge, akakimeza na chai.

Fundi aliinua macho. "Bado unavimeza?" akauliza kwa sauti ndogo, ile ya zamani.

"Mpaka nifike hamsini."

Chapchap alifunika kopo. Halafu akarudi kwenye meza ya kukandia.

"Tengeneza, fundi," akasema akimpa mgongo. "Siagi inayeyuka."